B2 moja, dadangu ikamfaa mimi ikanikwamisha

Mimi Kijerumani nlikijua kuongea kabla sijakijua kuandika, na hiyo ndo ilikua balaa yangu yote. Nimekulia Likoni, na babangu mdogo alikua na kibanda cha vinyago kule Diani, kwa hivo kila likizo nlikua nashuka huko kumsaidia. Watalii wa Kijerumani wakija mimi ndo nawasalimia, nawatajia bei, nawapigia stori za kasa na bahari ikipwa ikijaa, wao wanacheka wananirekebisha neno mojamoja, mimi naongeza kichwani. Baadae nkapata kazi ya uweita kwenye hoteli mojawapo pande hizo, na hapo ndo nkaona nimeshakua Mjerumani kabisa. Mtu akiniuliza Kijerumani uko wapi, namjibu niko juu. Juu wapi, sijui, lakini juu.

Dadangu yeye alikua kinyume changu. Ni muuguzi wa diploma, ameshafanya kazi wodini miaka minne, na Kijerumani hakua anajua hata kuhesabu mpaka kumi. Mwanzo wa 2023 tukaamua pamoja kusoma, yeye anataka kwenda kufanya kazi hospitali, mimi nataka chuo kikuu, uhandisi wa mitambo, manake mtu ukivuka feri kila siku ya maisha yako mwisho unataka kujua ile injini inavofanya kazi. Tukajiandikisha darasa moja dogo la jioni pale mjini, yeye akaanzia A1, mimi nkaombwa nianzie A1 pia nkakataa, nkasema niwekwe na wale wa B1. Mwalimu akaniangalia tu.

Kwa asiyejua, lugha za Ulaya wamezipanga ngazi sita, A1, A2, B1, B2, C1, C2, chini mpaka juu. Watu wengi hapa mtaani wanaziona kama mikanda ya karate, ukiwa na ya juu yafungua kila mlango na ukiwa na ya chini huna kitu. Mimi pia nliamini hivo. Imenichukua karibu miaka miwili na pesa kadhaa kuelewa kua swali si nina ngazi gani, swali ni nani ataisoma hii karatasi na yeye anatafuta nini ndani yake.

Nianze na B1, manake hapo ndo nlipigwa kofi la kwanza. Mtihani wa B1 wa Goethe, ile taasisi ya Kijerumani inayofundisha na kutahini lugha yao, una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, kila sehemu ina alama 100 na kila sehemu lazima upate 60. Mwisho wa 2023 nkapanda treni kutoka Miritini hadi Nairobi nkaufanya. Matokeo yakaja hivi: kusoma 78, kusikiliza 83, kuongea 91, kuandika 47. Mimi haraka haraka nkajumlisha, nkagawanya kwa nne, nkapata karibu 75, nkampigia mama nkamwambia nimepita. Siku ya pili mwalimu akanieleza kua hakuna kugawanya. Hakuna ile ya hii kubwa imbebe hii ndogo. Sehemu tatu nimepita, moja nimeanguka, basi B1 sina.

Na nliangukia wapi sasa? Kuandika B1 ni kazi tatu ndani ya saa moja. Ya kwanza barua pepe kwa rafiki maneno kama 80, ya pili unatoa maoni yako juu ya jambo fulani, nayo kama 80, ya tatu ni ujumbe mfupi wa heshima maneno kama 40, kwa bosi au mwalimu, labda unaomba ruhusa au unataka radhi kwa kutofika. Ile ya tatu ndo fupi na ndo iliniumbua. Mimi nimejifunza Kijerumani ufuoni, na ufuoni kila mtu ni du, yaani wewe wa rafiki. Ujumbe wa bosi nkauanza kwa Hallo nkaendelea na du mpaka mwisho, wakati palihitajika Sehr geehrte Frau, yaani Bibi Mheshimiwa, na Sie, wewe wa heshima. Chukulia mtoto anaingia nyumbani kwa mzee wa makamo, badala ya shikamoo anamwambia sasa wee, alafu anaomba mkopo. Ombi lake laeleweka vizuri, lakini mkopo hapati.

Cha pili kilichonimaliza ni hizi der, die, das, vijineno vinavyokaa mbele ya nomino. Kila nomino ya Kijerumani ina yake na ukikosea sentensi nzima inayumba, vivumishi navyo vinaharibika. Ukiongea unazimeza tu, unasema kitu kama d', mtu haskii. Ukiandika huna pa kuficha. Hapo ndo nliwaelewa wale wageni wetu wa kutoka bara tunaowacheka hapa Mombasa, yule anaesema mtoto inalia na kiti yangu imevunjika. Tunamuelewa vizuri sana, na tunamcheka vizuri sana. Kumbe miaka yote ile Diani mimi ndo nlikua mtoto inalia, ni vile wale wazee walikua likizo na wana adabu.

Afueni ni kua huu mtihani wa B1 waweza kurudia sehemu moja pekee. Nkakaa miezi mitatu naandika barua tu, kila siku moja, mwalimu anazipaka rangi nyekundu, alafu nkarudi Nairobi kwa kuandika peke yake nkapata 66. Zile karatasi za sehemu nne ukiziweka pamoja ni B1 kamili.

Sasa na hiyo B1 mkononi, wallahi nlikua tayari nina tiketi ya safari moja, sema sikuitaka. Kuna ile njia yao inaitwa Ausbildung, unasoma ufundi na huku unafanya kazi kwa mwajiri anaekulipa, miaka mitatu mara nyingi, na kwa viza yake kiwango cha kawaida kinachotakiwa ni B1. Mwalimu akaniambia, wewe una miaka hotelini, una B1, tafuta Ausbildung ya hoteli. Mimi nkaona ananidharau. Injini bwana, mimi nataka injini. Sai nikifikiria naona alikua anasema kweli tupu, sema kila mtu na moyo wake.

Dadangu nae alikua ananifukuzia kwa nyuma kama kobe. Anatoka zamu, anakuja darasani na yunifomu, anasinzia, anaamka, anaandika. Katikati ya 2024 tukakaa mtihani wa B2 wiki moja. Huu kuandika kwake ni dakika 75, kwanza unatoa hoja kwa maneno 150 au zaidi, alafu ujumbe wa kiofisi wa maneno 100 au zaidi. Yeye akapata 79 kuandika na 68 kuongea, mimi nkapata 64 kuandika na 88 kuongea. Sote tukapita zote nne. Cheti kile kile, tarehe karibu ile ile, tumepiga picha navyo mama akazituma kwa ukoo mzima. Kutoka siku ile njia zetu zikagawanyika, na cheti kilikua kimoja.

Nimueleze dada kwanza manake yake ni nyoofu. Uuguzi Ujerumani ni kazi inayolindwa na sheria, huwezi kujiita muuguzi mpaka mamlaka ya jimbo unalokwenda ikitambue cheti chako cha kazi. Unapeleka masomo yako yote na tafsiri, wao wanalinganisha na mafunzo yao, alafu wanakuandikia barua kwamba umepungukiwa hapa na hapa, mfano masaa ya vitendo ya kitengo fulani. Pengo hilo unaliziba ukiwa kule, ama kwa kozi ya kujazia ama kwa mtihani, na wakati huo unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi kwa mshahara wa msaidizi. Kwenye lugha, leseni kamili kwa kawaida yataka B2. Lakini kupanda ndege kwenda kuziba pengo, wengi wanakwenda na B1.

Hapo ndo kuna mtego ambao maajenti hawausemi, au wanausema kwa sauti ndogo. Mwenzake dada, walifanya wodi moja, aliondoka mapema na B1 manake aliambiwa B1 yatosha, na kweli ilitosha, alifika. Lakini B2 ilimsubiri kule kule. Akawa anafanya zamu za usiku, mchana darasa la lugha, na mpaka apate B2 analipwa msaidizi hata kama kazi anaijua kuwashinda wanaomtuma. Kuandika aliangukia mara mbili. Dada alichelewa kuondoka zaidi ya nusu mwaka kwa sababu ya kung'ang'ania B2 akiwa hapa nyumbani, tukamsema sana, mama akamwambia mwanangu ndege zitaisha. Alipofika likabaki pengo la masaa tu, lugha ilikua imeshafungwa. Ningekua muuguzi ningefanya kama yeye, isipokua kama mwajiri ameandika kwenye mkataba kua darasa la B2 ni juu yake na ni ndani ya saa za kazi. Ndani ya saa za kazi, sio wikendi.

Kuna pia mtihani wa telc, watahini wengine wa lugha, uliotengenezwa maalum kwa wauguzi, unapima B1 na B2 kwa pamoja, na matokeo yanakuambia umefika ipi. Maswali yake ni ya wodi, unapokeza zamu, unaongea na jamaa za mgonjwa, unajaza ripoti. Dada alisitasita kati ya huo na wa Goethe, akachagua wa Goethe kwa sababu darasa letu lilikua linaandaa huo. Kwa leseni wote wawili wanakubalika. Lakini ule wa wauguzi ukiupeleka chuo kikuu ni kama kupeleka leseni ya tuktuk kuombea kuendesha meli, hakuna anaesema ni bandia, ni vile si ya chombo hiki. Madaktari nao wana mambo yao, juu ya B2 ya kawaida wana mtihani wa lugha ya kitabibu wa ngazi ya C1.

Sasa mimi. Ajenti mmoja pale mjini, jina lake nitalimeza, aliniambia B2 yatosha kila kitu. Alikua anapeleka watu kazini miaka yote, kwa hivo kwa watu wake alikua anasema kweli, chuo hakujua na hakusema hajui. Mimi mwenyewe sikusoma masharti, nlisoma kichwa cha habari tu. Julai 2024, kabla ya tarehe 15 ambayo ndo mwisho wa maombi ya muhula wa baridi kwa vyuo vingi, nkaomba vyuo vitatu kupitia uni-assist, ile ofisi inayokagua karatasi za wageni kwa niaba ya vyuo. Ombi la kwanza ni yuro 75, kila la ziada yuro 30, jumla nkalipa 135. Kwa mshahara wa weita hiyo si pesa ya kuchezea.

Majibu yakarudi na shida mbili, na nzuri ni kua zilinieleza kila kitu ambacho ajenti hakunieleza. Ya kwanza, lugha. Programu zinazofundishwa kwa Kijerumani zinataka C1 kimsingi, na zimetaja karatasi zenyewe kwa jina: TestDaF yenye 4 kwenye sehemu zote nne, au DSH-2, au telc C1 Hochschule, au Goethe ya C2. B2 yangu ya Goethe haimo kabisa, hata ningepata 100 kila sehemu. Hapo ndo nlishtuka. Nlikua nafikiri alama nzuri za ngazi ya chini zinaweza kusimama badala ya ngazi ya juu. Hazisimami.

Ya pili ikaniuma zaidi lakini ndo iliyoniokoa. KCSE peke yake hainipi mlango wa moja kwa moja wa chuo kule, lazima nipitie Studienkolleg, mwaka mmoja wa matayarisho wenye mihula miwili, halafu mtihani wa mwisho. Kuna kozi za makundi, wa uhandisi wanaingia kozi ya T, biashara ni W, tiba ni M. Na huko Studienkolleg kuingia wanataka nini? Nyingine B1, nyingi B2, pamoja na mtihani wao wa kuingilia wa Kijerumani, na kwa kozi ya T hisabati pia. Yaani ile B2 yangu haikua mbaya, nliipeleka mlango usio wake. Na ukimaliza Studienkolleg, kile Kijerumani cha mtihani wa mwisho ndo kinahesabiwa kua uthibitisho wako wa lugha chuoni. Kwa hivo mimi wa KCSE sikua na haja ya kukimbizana na C1 nikiwa Likoni. Nlikua nimeshaanza kulipia darasa la C1, nkaacha wiki hiyo hiyo.

Aliekua na haja ya C1 ni rafiki yangu wa Kisauni, tulikua darasa moja. Yeye ana digrii ya biashara ya hapa Kenya, anataka masta ya Kijerumani, Studienkolleg haimhusu. Akafanya TestDaF. Huu mtihani haukupi pasi au feli, unakupa 3, 4 au 5 kwa kila sehemu. Yeye akapata 4 kusoma, 4 kusikiliza, 4 kuandika, 3 kuongea. Jumla 15, na chuo chake kilitaka 4 nne, yaani 16 bila kupungua popote. Kuna vyuo vinalegeza kidogo kwa baadhi ya programu, chake hakikulegeza. Na tofauti na Goethe, TestDaF huwezi kurudia sehemu moja, ukirudi unarudi na zote nne, na zile ulizopita waweza kuzishusha.

Kilichomuangusha ni kuongea, na ni mtu anaeongea vizuri. Sema pale huongei na mtu. Umevaa hedifoni, unaongea na kompyuta, saa inahesabu, huna uso wa kuangalia, hakuna anaetikisa kichwa kukuonyesha anakufuata. Unaambiwa eleza huu mchoro wa takwimu, au toa hoja kwenye semina, sekunde kadhaa za kujiandaa, anza. Yeye alisubiri mtu amuitikie, zile sekunde zikakatika. Ilibidi ajifunze kuongea na ukuta wa chumbani mwezi mzima, mamake akaanza kumsomea dua. Mara ya pili akapata 4 zote.

DSH nae aliitafuta akaiacha, manake unaifanyia chuoni kwenyewe Ujerumani, na ngazi ya pili inayotakiwa kwa kawaida inaanzia asilimia 67. Ukiwa Mombasa ni kama kuambiwa chakula kipo, njoo jikoni.

Dada alinipa picha nyengine alipoanza kazi mwaka jana. Akaniambia B2 yake ya karatasi ilikua sawa, ripoti anaandika, dawa anasoma, vikao anafuata. Kilichomtoa jasho ni simu ya jamaa wa mgonjwa saa tatu usiku na mzee wa kijijini anaeongea lahaja yao bila meno. Kazini kuongea na kusikiliza ndo mshahara, na zile 68 zake za kuongea alizilipia kwa miezi ya kwanza. Mimi na 88 zangu ningepita hapo nacheka. Lakini chuo ni kusikiliza mhadhara wa dakika 90 huku unaandika, alafu uandike ripoti ya maabara kwa lugha isiyo na du, na hapo yeye na 79 zake angeniacha mbali. Ndo maana mimi sai mtu akiniambia nina B2 namuuliza alama zake za sehemu moja moja, na anakwenda wapi. Karatasi moja yaweza kumfaa mmoja ikamkwamisha mwenzie.

Kuna jengine dogo, muda. Cheti cha Goethe chenyewe hakiandikwi tarehe ya kuisha, lakini anaekipokea aweza kukataa cha zamani, kwa viza mara nyingi wanataka kisizidi mwaka. Jirani yetu alikua na B1 ya zamani, akaiweka kabatini akisubiri mwajiri, alipompata ikabidi arudie. Kwa hivo usikimbilie mtihani kama hujajua lini utautumia.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani wakatia saini Berlin ule mkataba wa wafanyakazi, na wiki ile ile maofisi ya maajenti yakaota mjini kama uyoga baada ya mvua. Mitaani watu wakaelewa kua lugha imefutwa. Haikufutwa. Hata kuna kijana alikuja kibandani kwa babangu mdogo anauliza kama namjua mtu wa kumuuzia cheti cha B1. Nkamwambia vyeti vinakaguliwa, na hata kikipita, pale kwenye dirisha la viza wanaweza kukuuliza kwa Kijerumani unakwenda kufanya nini, na hapo cheti hakikuongelei.

Mimi bado niko Likoni. Nimetuma maombi ya Studienkolleg mbili na B2 ile ile, na sai najiandaa na mtihani wa kuingilia. Sehemu yake ya Kijerumani mara nyingi ni kitu wanaita C-Test, wanakupa kifungu ambacho kila neno la pili limekatwa nusu na wewe unamalizia. Chukua kwa Kiswahili, "jana nili___ sokoni kunu___ samaki wa___ wa nazi". Rahisi kama lugha ni yako. Kwa Kijerumani ile nusu inayokatwa ndo ile ya mwisho, na mwishoni ndo kunakaa mikia yote ya der na die na das, yaani wamechukua ugonjwa wangu wakautengenezea mtihani.

Nafanya kimoja nikivuka feri asubuhi na kimoja jioni nikirudi. Cha jana asubuhi nlipata 13 kati ya 20. Mama aliniona nahesabu makosa akauliza, wewe si ulikua waongea na wazungu tangu shule ya msingi, hii yote ya nini? Nkamwambia mama, wale walikua likizo.